Rejesho kamili, faini kila mwezi

Mhariri,

Wakopaji wengi huuliza inakuwaje mtu alipe rejesho zima kila mwezi na bado adaiwe faini. Jibu lipo kwenye kifungu cha mkataba kinachosema fedha zikiingia zinakata nini kwanza. Mpangilio wa kawaida ni ada na faini, kisha riba, na kinachobaki ndicho kinachopunguza deni la msingi.

Chukua mkopo wa 100,000 kwa miezi 12, riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Rejesho ni 9,456. Mwezi wa kwanza riba ni 2,000, hivyo 7,456 inaingia kwenye msingi na salio linabaki 92,544.

Sasa mkopaji achelewe siku tatu, atozwe faini ya 500, kisha alete 9,456 zake (tuiache kando riba ya siku hizo tatu). Faini inachukua 500, riba 2,000, na msingi unapata 6,956 tu. Salio ni 93,044. Hasara ya riba hapo ni ndogo mno: mwezi wa pili riba itakuwa 1,861 badala ya 1,851.

Balaa liko kwingine. Kwa hesabu ya mkopeshaji, rejesho la kwanza limepungua 500. Mwezi wa pili mkopaji analipa 9,456 kwa wakati, lakini 500 inakwenda kuziba pengo la nyuma, na rejesho la pili nalo linapungua. Pale ambapo mkataba unaruhusu faini kwa rejesho lolote lisilotimia, anatozwa 500 nyingine na malimbikizo yanakuwa 1,000. Akiendelea hivyo hivyo, mwezi wa sita anadaiwa 3,000, na mkopo ukifika mwisho ni 6,000, mbali na riba iliyoongezeka. Amechelewa mara moja tu!

Mpangilio ungekuwa riba, msingi, halafu faini, rejesho la kwanza lingehesabika limetimia. Ile 500 ingesubiri peke yake bila kuzaa nyingine. Kwa maoni yetu, mkopeshaji anayetoza faini juu ya upungufu ulioletwa na faini yake mwenyewe hana hoja ya kujitetea.

Dalili huonekana kwenye taarifa ya mkopo: faini ya kiasi kilekile inajirudia kila mwezi ilhali tarehe za malipo ni sahihi, na salio la msingi liko juu kuliko lililo kwenye ratiba ya marejesho. Dawa ni kulipa rejesho pamoja na malimbikizo yote kwa mkupuo mmoja. Katika mfano wetu, 9,956 mwezi wa pili ingemaliza mambo. Mwenye fedha za ziada naye aondoe faini kwanza, kisha aandike kwamba kinachozidi kipunguze msingi, maana bila maagizo hayo huenda kikawekwa tu kama malipo ya awali ya rejesho lijalo, na riba ikaendelea kukokotolewa kwenye salio lilelile.