Mbona unga wa mlonge wa sokoni ni nusu ya bei yenu?

Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki, na wiki hii limekuja kwa hasira: mteja alinunua gramu 250 kwetu kwa shilingi 10,000, kisha akakuta kipimo hichohicho sokoni kwa 4,000. Akaona ametapeliwa. Tunamjibu hapa, kwa kuwa jibu lenyewe linaonekana kwa macho ukiiweka mifuko hiyo miwili sahani moja.

Majani ya mlonge yana maji mengi. Ukishakausha na kutoa vikonyo, kilo moja ya unga inakula kilo saba hadi kumi za majani mabichi. Anayeuza nafuu hukwepa kazi sehemu mbili. Kwanza hachambui vikonyo, anasaga tawi zima, kwa hiyo uzito unapanda na nyuzi zinakukwaruza kooni. Pili anaanika juani, majani yanakauka siku moja. Sisi tunaosha, tunachuja maji, kisha tunatandaza tabaka jembamba juu ya kichanja cha wavu, kivulini, penye upepo, na kugeuza mara kwa mara kwa siku tatu au nne hadi jani livunjike kama karatasi. Jua kali huharibu rangi ya kijani pamoja na kiasi kikubwa cha kile kinachogeuka vitamini A mwilini. Unga uliopigwa jua unakuwa wa kahawia au kijani kilichofifia, na unanuka kama majani makavu ya mifugo.

Ukitaka kujipimia, koroga kijiko cha chai kwenye glasi ya maji, uache dakika moja. Mchanga hutua chini upesi. Ukipitisha kidole utausikia. Kisha finya unga mkononi: ukishikamana bonge, una unyevu, na utaota ukungu. Ukishanuka uvundo usiuanike tena ukadhani umepona. Sumu za ukungu haziondoki kwa jua. Tupa.

Kuna wanaokwepa gharama kwa njia nyingine, wanachimba mizizi ya mti wa jirani na kuisaga. Hapo tunakataa kabisa. Majani ni mboga, yanaliwa miaka yote, lakini mizizi na magome yana kemikali nyingine zinazoweza kudhuru, na mjamzito hasa asiiguse. Unga wa majani nao, mwenye mimba amuulize kwanza mhudumu wa kliniki.

Sasa tuje kwenye matumizi, maana malalamiko mengine huanzia hapa: "Nimekunywa mwezi mzima, sukari haijashuka." Hatujawahi kumwambia mtu kwamba itashuka. Tunaoutumia hapa dukani tunaweza kusema haya tu: ladha ni chungu kidogo yenye ukali wa majani mabichi, choo kinalainika, na ukianza na vijiko viwili vilivyorundikwa tumbo linavurugika siku ya kwanza. Kwa hiyo anza na nusu kijiko cha chai kwa siku kwa wiki moja, kisha kijiko kimoja kisichorundikwa, yaani gramu mbili au tatu. Kwa kipimo hicho mfuko wa gramu 250 unafika miezi mitatu. Weka kwenye uji au mchuzi ukishaepua. Ukiuchemsha nusu saa, vitamini C inaharibika na unabaki na rangi.

Mteja mmoja mwenye kisukari alikuwa anameza metfomini asubuhi na jioni. Alipoanza mlonge akaacha kidonge cha jioni, akaongeza vijiko vikawa vinne. Sukari ikapanda, akaja kutulaumu kwamba unga ni feki. Unga ulikuwa mzima; kilichopungua ni dawa. Na hatari ipo upande wa pili pia: kwa baadhi ya watu majani haya huweza kushusha sukari kidogo, na mtu akiwa kwenye insulini au vidonge, vikijumlika anaweza kutoka jasho, kutetemeka na kuishiwa nguvu. Mwenye dawa za sukari au presha amwoneshe daktari mfuko kabla ya kufungua, na aendelee kupima kama kawaida. Anayetumia wafarini kuzuia damu kuganda aulize pia, kwani majani ya kijani yana vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Wa dawa za tezi ya shingo vilevile.

Kila mfuko wetu una tarehe ya kusagwa. Ukishaufungua, hamishia unga kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na mwanga na mvuke wa jiko, na usichote kwa kijiko chenye maji. Umalize ndani ya miezi sita. Ukikuta mabonge au mchanga siku unayoufungua, urudishe na karatasi yake, tutakupa mwingine.