Barua kuhusu bibliografia ya Mtunya

Dodoma,
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako upepo wa kipupwe umeanza na vumbi linaingia hata katika kurasa za daftari. Rasimu uliyonitumia ya bibliografia fafanuzi, yaani orodha ya vyanzo yenye maelezo ya kila kimoja, kuhusu njaa ya Mtunya, ile iliyowapata Wagogo wa Tanzania ya kati kati ya mwaka 1917 na 1920, nimeipokea salama. Nimeisoma mara mbili barazani, penseli mkononi, na kwa kuwa uliniomba nikueleze wazi kwa nini msimamizi wako amekurudishia akisema kuwa umefupisha tu bila kutathmini, nitakueleza kama nilivyoelewa.

Vyanzo vyako vimechaguliwa vizuri, na mihtasari yako ni sahihi. Tatizo linaanza pale muhtasari unapokwisha. Maelezo karibu yote yanamalizika kwa sentensi isemayo kwamba chanzo hiki ni muhimu sana kwa utafiti wangu kwa sababu kinazungumzia njaa katika Ugogo. Nilifanya jaribio dogo: nilifunika kwa karatasi jina la mwandishi na kichwa cha kazi, nikasoma sentensi ya mwisho peke yake, kisha nikajiuliza ni ya chanzo kipi. Sikuweza kujua hata mara moja. Sentensi inayoweza kuhamishwa kutoka chanzo kimoja kwenda kingine bila mtu kugundua haijatathmini chochote.

Swali lako la utafiti linauliza ni kwa kiasi gani Mtunya ilisababishwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi hii, na ni kwa kiasi gani ilisababishwa na ukame. Basi kila chanzo kinapaswa kupimwa mbele ya swali hilo, wala si mbele ya mada ya njaa kwa jumla. Chukua makala ya Gregory Maddox ya mwaka 1990 iliyotoka katika jarida la historia ya Afrika. Wewe uliandika hivi: "Mwandishi anaeleza njaa iliyotokea Tanzania ya kati. Anasema majeshi yalichukua chakula na mifugo, na mvua hazikunyesha vizuri. Watu wengi walikufa na wengine walihama." Hakuna uongo hapo. Hata hivyo msomaji hajui Maddox alijuaje hayo aliyoyaandika, na hajui kama wewe umekubaliana naye.

Sasa fikiria unaanza na namna alivyojua. Maddox alitumia nyaraka za utawala wa kikoloni pamoja na masimulizi ya wazee, na utafiti wake aliufanya katika miaka ya 1980. Piga hesabu ndogo: mtu aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1918 alikuwa na miaka 78 hivi ilipofika 1986. Kwa hiyo baadhi ya wasimulizi wa miaka hiyo wangeweza kuwa wameiona njaa ile kwa macho ya mtoto, na wengine wakawa wamesimuliwa tu na wazazi wao. Masimulizi ya namna hiyo yana nguvu kubwa pale yanapoeleza kilichotokea nyumbani: nani alichukuliwa kubeba mizigo, ng'ombe wa nani waliswagwa, familia ilikimbilia wapi na ilikula nini porini. Nguvu hiyo hupungua unapotaka kujua mvua ilinyesha kiasi gani katika msimu fulani, kwa kuwa mtoto hapimi mvua, naye mzee anaweza kuunganisha misimu miwili mibaya ikawa mmoja.

Ukishaona hilo, maelezo yako yanaweza kusomeka namna hii: "Maddox anadai kwamba kiini cha Mtunya ni nafaka, mifugo na nguvu kazi zilizochukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, na kwamba ukame ulizidisha hali ambayo tayari ilikuwa mbaya. Dai lake kuhusu uchukuaji huo lina msingi imara, kwa sababu nyaraka na masimulizi, ambayo yametokana na watu wa pande tofauti, yanakutana. Kwa upande wa mvua nitahitaji chanzo kingine. Ninaitumia makala hii kama hoja kuu ya upande wa vita, si kama ushahidi wa hali ya hewa." Hayo ni maneno machache tu, lakini mtu hawezi kuyabandika penye chanzo kingine.

Baada ya hapo mweke Maddox ubavuni mwa Clarke Brooke, ambaye makala yake ya mwaka 1967 umeifupisha katika ukurasa wa pili. Brooke ni mwanajiografia, naye anaitazama njaa ya Tanzania ya kati kama jambo linalorudi kizazi baada ya kizazi katika nchi ya mvua chache zisizotabirika. Wewe uliwaweka wawili hawa mbalimbali kana kwamba hawajuani, ingawa kutofautiana kwao ndiko kunakobeba tasnifu yako. Anayepanga njaa nyingi katika mfululizo mmoja huona kinachofanana, yaani ukame, na anayechukua njaa moja na kuichimba huona kilicho cha pekee, yaani jeshi lililoingia Dodoma mwezi Julai 1916 likiwa na askari, wapagazi na wanyama wanaohitaji kula. Tofauti yao inatokana kwa sehemu na upana wa dirisha walilochungulia. Liandike hilo waziwazi katika maelezo ya Brooke, kisha useme ni dirisha lipi linalofaa zaidi kwa swali lako na kwa nini.

Nikuonyeshe sasa jambo ambalo mimi mwenyewe liliniumiza wakati nikiandika tasnifu yangu. Niliandika kwa furaha kwamba vyanzo vitatu vinakubaliana kuhusu idadi ya mifugo iliyokufa katika msimu mmoja wa kiangazi. Msimamizi wangu hakunipinga, ila alinituma nifuate tanbihi za vyote vitatu. Siku mbili zilipita, nikakuta cha tatu kimenukuu cha pili, cha pili kimenukuu cha kwanza, na cha kwanza kimetegemea ripoti moja ya ofisa mmoja ambaye hakueleza alihesabu vipi. Nilidhani nina mashahidi watatu, kumbe nina mmoja mwenye sauti tatu. Tangu siku hiyo, kila ninapoona idadi ileile katika kazi mbili, huandika kwanza pembeni ilikotoka.

Kwako hatari hiyo ipo mahali pawili. Pa kwanza ni idadi ya waliokufa katika Mtunya. Popote utakapoikuta, fuata tanbihi mpaka mwisho, ukikumbuka kwamba makadirio yaliyofanywa wakati watu wamekimbia makazi yao hupata shida kutenganisha aliyekufa na aliyehama. Kijiji kilichobaki kitupu hakisemi wenyewe wameenda wapi. Kama kazi tatu zimerudia kadirio moja, katika maelezo ya kazi ya kwanza eleza kadirio lilivyopatikana, na katika zile mbili sema kwamba kwa jambo hili haziongezi ushahidi.

Pa pili ni kitabu cha Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Umeorodhesha toleo la Kiswahili la mwaka 1954 na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1995 kama vyanzo viwili, ilhali ni kazi moja, na tena mtafsiri aliyeandika utangulizi na maelezo ya tafsiri hiyo ni Maddox huyohuyo. Ukisema kwamba tafsiri ile inaunga mkono makala ya 1990, angalia vizuri kama unaomnukuu ni Mnyampala au ni maelezo ya mtafsiri, maana ukichanganya utakuwa umemfanya Maddox ajishuhudie mwenyewe. Wewe unasoma Kiswahili tangu utotoni, basi lifanye toleo la 1954 kuwa chanzo chako, na tafsiri itaje tu pale unapohitaji maelezo yake.

Mnyampala mwenyewe anahitaji tathmini ya makini na ya heshima. Alizaliwa mwaka 1917, Mtunya ilipokuwa ikianza, kwa hiyo lolote analojua kuhusu miaka ile amelipata kwa wakubwa zake. Vilevile aliwahi kuwa liwali, yaani alikuwa ndani ya utawala wa wakati huo. Hayo hayamwondolei thamani. Ni Mgogo anayeandika juu ya watu wake kwa lugha ambayo wengi wao waliweza kuisoma, na katika mambo ya koo na mila amesimama karibu zaidi kuliko mgeni yeyote. Unachotakiwa kusema ni kwamba kwa swali la vita na ukame yeye si shahidi wa macho.

Hapa nigusie neno "upendeleo", ambalo umelitumia mara nne kuhusu ripoti za maofisa wa Kiingereza. Kusema ripoti ina upendeleo na kuishia hapo ni sawa na kutosema kitu. Onyesha upendeleo huo unaelekea wapi na unaharibu dai lipi. Ofisa ambaye jeshi la serikali yake lilichukua nafaka za wenyeji ana sababu ya kuulaumu ukame, kwa hiyo anapotaja chanzo cha njaa mshuku. Ila ofisa huyohuyo akikiri kwamba nafaka zilichukuliwa, mwamini zaidi, kwa sababu anasema kinachomwumiza. Na akiandika tarehe ambayo shehena ya chakula ilifika stesheni, sioni faida gani angeipata kwa kuibadilisha. Ripoti moja inaweza kuaminika katika ukurasa mmoja na kushukiwa katika ukurasa unaofuata, na maelezo yako yabebe tofauti hiyo.

Kuhusu urefu, usijisumbue kuyalinganisha maelezo yote. Maddox, Brooke na Mnyampala wape hata maneno 200 kila mmoja. Vile vitabu viwili vya historia ya jumla, ambavyo vinaitaja Mtunya kwa aya moja tu, vinatosha kwa sentensi mbili: vimetegemea nani, na umevibakiza kwa sababu gani. Ile makala ambayo umeniambia hukupata zaidi ya ikisiri yake, iondoe mpaka utakapoisoma nzima, kwa kuwa ikisiri inakupa hitimisho bila njia, na njia ndiyo unayoipima.

Nakushauri uanze na Brooke, kwa sababu maelezo yake yatakulazimu urudi kwa Maddox. Soma kwanza tanbihi zake na sehemu anayoeleza data zake zimetoka wapi, ndipo usome hitimisho. Ukimaliza hayo mawili nitumie kabla hujagusa mengine. Alhamisi nitakuwa nyumbani mchana kutwa na nitayasoma siku hiyohiyo. Rasimu yako yenye alama zangu za penseli nitampa mdogo wako akipita Jumatano.

Wasalimie wote nyumbani, na shikamoo yangu imfikie mama.

Ni mimi rafiki yako.