Mpiga picha wenu aje Julai saa kumi, asimame chini

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu nikiwa kibarua wa kubeba mawe, na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, hata ile wiki mliyoweka picha ya daraja juu chini. Lakini ile stori yenu ya nyumba ya ploti nyembamba, ile mliyosifu eti "kisima cha mwanga kinacholeta uhai katikati ya jengo", imenikosesha usingizi. Picha imepigwa ghorofa ya mwisho saa sita mchana. Hata shimo la choo likipigwa picha kutoka juu saa sita litaonekana lina mwanga.

Hicho kisima, yaani shimo linaloachwa wazi kutoka paani hadi chini ili vyumba vya katikati vipate mwanga na hewa, sisi mjengoni tunakiita dakti. Nimejenga dakti miaka thelathini na moja, Umoja, Kayole, Pipeline, Zimmerman, na zingine nimejenga vibaya kwa sababu mwenye pesa ndiye anaongea. Kwa hivyo sitoi maneno hewani.

Mwaka jana nilivunjika mguu nikakaa miezi minne kwa binti yangu, chumba cha katikati, ghorofa ya chini. Ploti ni ya futi 25 kwa 60, kama zilivyo nyingi Eastlands, na imejengwa ukuta kwa ukuta na majirani kushoto na kulia. Sasa fikiria mwenyewe. Dirisha la kawaida, kizingiti cha juu kikiwa futi saba, mwanga wake wa maana unaingia ndani kama futi kumi na nne, kumi na sita ukibahatika. Ukitoa kumi na tano mbele na kumi na tano nyuma, unabaki na futi thelathini za giza katikati, nusu ya jengo, na humo ndimo watu wanalala. Binti yangu anasema zamani kulikuwa na dirisha ubavuni lililotazama ploti ya jirani iliyokuwa tupu. Jirani akajenga, dirisha likazibwa kwa mawe, na alama ya lenta bado unaiona ukutani. Hilo kosa naliona kila siku: fundi anachukua mwanga wa ploti ya jirani akidhani itabaki shamba milele.

Basi ikabaki dakti pekee. Keateka ni kijana mzuri, akanionyesha ramani ya jengo iliyopigwa muhuri, na kwenye ramani dakti ni futi 8 kwa 12. Nikachukua futi kamba nikapima. Futi 3 kwa 4. Yaani landilodi alikula ile nafasi, akabana na korido kidogo, akapata chumba kimoja cha ziada kila ghorofa, ghorofa tano na hiyo ya chini ikiwemo, vyumba vitano. Nikatoa kichwa dirishani nikaangalia juu, futi kama hamsini hadi ukuta wa paa, na kipande cha anga nilichoona kilikuwa sawa na kiberiti umekishika mkono ukinyoosha. Si mfano wa kuchekesha, nilinyoosha kiberiti kweli nikaona kimeziba anga yote. Hicho kiberiti ndicho kilikuwa kinamulikia watu wa ghorofa tano, na huyo wa chini anaramba makombo ya mwisho baada ya kila dirisha la juu kuchukua lake.

Halafu mwandishi wenu anasema "jua la ikweta hushuka moja kwa moja". Linashuka ndiyo, hapa Nairobi jua liko utosini kabisa kama tarehe 17 Machi na tena kama 26 Septemba. Siku hizo dakti ya futi tatu ikipata jua sakafuni ni karibu nusu saa, kisha jua limehama ukutani. Hiyo ya futi nane ingepata saa moja na ushei. Ukienda mbele hadi Juni, jua la saa sita limelala kaskazini, na kwa shimo lenye urefu wa futi nne upande huo halishuki hata futi tisa, yaani linaishia kwa mtu wa juu kabisa akianika soksi zake. Na mnajua Julai yetu ilivyo, mawingu asubuhi mpaka jioni. Mawingu yenyewe si adui, anga ya mawingu inang'aa zaidi utosini kuliko pembeni, kwa hivyo dakti pana ingekula vizuri hiyo miezi. Shida ni upana.

Chumba cha chini hakioni anga, kinaishi kwa mwanga uliogonga kuta na kudunda. Hapa ndipo watu wanapuuza rangi. Ukuta mweupe safi unarudisha kama sehemu nane kwa kumi za mwanga, plasta ya simiti ikibaki hivyo hivyo labda nne. Mwanga ukidunda mara tatu kabla ya kufika chini, kwa ukuta mweupe unabaki na nusu hivi, kwa simiti unabaki na sita kwa mia. Dakti ya binti yangu ni simiti, tena yenye ukungu wa kijani. Nikamwambia landilodi, mzee, paka chokaa tu. Akakubali, mtu mwenye adabu sijakataa, lakini ni fundi gani ataingia shimo la futi tatu kwa nne na kamba kiunoni na ndoo mkononi, na mabomba ya choo yakimkwaruza mgongo? Wawili walikuja wakaangalia wakaenda. Dakti ambayo mtu hawezi kuingia na ngazi haitapakwa rangi, haitafagiliwa, na bomba likivuja litavuja mpaka watu wahame.

Na bomba lilivuja. Ndiyo hiyo ninataka kusema, maana dirisha la pale mtoto analala na matundu ya vyoo vya ghorofa tano vinapumulia shimo hilo hilo moja, na jikoni pia, kwa hivyo ukiwa chini unajua nani amekaanga omena na nani tumbo linamsumbua. Mvua za Aprili zilipoingia maji yakajaa chini kwa sababu shimo la maji limezibwa na pampasi na karatasi za uji, landilodi akaona dawa ni kufunika juu na mabati ya fiba, yale ya kupitisha mwanga, akayapigilia misumari kwenye ukuta pande zote nne bila kuacha hata upenyo wa kidole, na kuanzia siku hiyo nyumba ikageuka sufuria yenye kifuniko. Nguo haikauki. Ukuta wa nyuma ya kitanda ukaanza kutoka jasho, mjukuu wangu akawa anakohoa usiku, na daktari wa kliniki akauliza swali moja tu, "mnalala chumba chenye hewa?" Nikawasha ubani dirishani nione. Moshi ukatoka nusu mkono, ukasimama, ukarudi ndani ukatukalia usoni. Dakti inayofanya kazi inavuta moshi nje na juu bila kuulizwa, kwa sababu hewa moto inapanda, lakini inapanda tu kama ina pa kutokea juu na kuna hewa nyingine inaingia chini kuchukua nafasi yake. Hii ilikuwa imezibwa juu na chini. Na moto ukitokea, Mungu atuepushe, shimo la namna hiyo ni bomba la kupeleka moshi kwenye kila kitanda.

Tulirekebisha nusu. Nikiwa na mkongojo nikasimamia vijana wawili wakainua yale mabati futi mbili juu ya ukuta kwa vyuma vya engo, pembeni wazi pande zote, mvua ya kawaida haingii na hewa inatoka. Chini tukatoboa ukuta wa chini ya ngazi, tukaweka grili, hewa inaingia kutoka mlango wa barabarani na mtu anaweza kuingiza fagio. Nikawasha ubani tena, ukapanda kama una haraka ya matatu. Kikohozi kimepungua. Mwanga? Bado ule ule, taa inawaka saa sita mchana.

Alafu juu ya hayo yote landilodi akaweka tenki. La lita elfu kumi, kwenye stendi, wapi? Juu ya dakti, kwa sababu "hapo hapana kazi". Na simlaumu sana kwa tenki maana maji yenyewe yanakuja mtaani usiku wa kuamkia Alhamisi, saa nane, kwa masaa matatu, asiyeamka anaoga na ya mkokoteni kwa bei ya soda. Tumeandika barua, tumeenda ofisini, tumeambiwa bomba kubwa linatengenezwa. Linatengenezwa tangu binti yangu hajaolewa. Hiyo nayo mngeandika, lakini haina picha nzuri.

Nirudi kwa dakti. Msidhani landilodi ni mjinga, hesabu yake nimeipiga mwenyewe. Vile vyumba vitano alivyoiba ni elfu saba na mia tano kila kimoja, jumla 37,500 kwa mwezi. Vyumba kumi vya katikati alivyoviharibu anavipangisha elfu sita badala ya hiyo saba na mia tano, anapoteza 15,000. Vikikaa tupu miezi miwili kwa mwaka, maana watu wanahama, ni kama 10,000 nyingine kwa mwezi. Bado anabaki na faida ya 12,500. Kwa hivyo hakuna semina itakayombadilisha, wala stori yenu ya picha za rangi. Wa kumbadilisha ni yule mwenye muhuri, ambaye alipitisha 8 kwa 12 na hakurudi tena na futi kamba.

Dawa yangu ni hii. Kabla jengo halijaruhusiwa kuingia watu, huyo mwenye muhuri aketi kwenye kitanda cha chumba cha katikati, ghorofa ya chini, Julai, saa kumi jioni, stima imezimwa, asome ukurasa wa barua wa gazeti lenu kwa sauti kutoka juu mpaka chini. Akikwama, chumba hicho kiandikwe stoo, na stoo hailipishwi kodi ya nyumba. Kisha awashe ubani dirishani. Ukirudi ndani, alale hapo usiku mmoja.

Mpiga picha wenu anaweza kuja naye. Aniulizie kwa keateka, na aje na tochi, taa ya ngazi iliungua tangu Pasaka.

Fundi mstaafu,
Umoja, Nairobi