Korosho, naitrojeni na mfuko: swali la mtihani wa vifungashio tunaloulizwa zaidi dukani

Sisi tunauza mifuko na filamu za kufungashia chakula, na kwa wasindikaji wadogo tunawajazia gesi na kuwazibia hapa hapa dukani. Mitihani ikikaribia, wateja wetu hubadilika sura: wanakuja wanafunzi wa teknolojia ya chakula na madaftari yao, wakiomba vipande vya filamu wavishike kwa mikono. Tunawakaribisha. Lakini tumeona karibu wote wamesoma mada mbili zilizotengana. Ukurasa mmoja una gesi: kabonidayoksaidi huzuia bakteria, naitrojeni hujaza nafasi, oksijeni huifanya nyama iwe nyekundu. Ukurasa mwingine una jedwali la filamu. Mtihani mzuri hauzitenganishi, na hata sisi kazini hatuwezi kuzitenganisha.

Tuchukue swali tulilotunga wenyewe kwa mtindo wa yale tunayoletewa. Msindikaji anafunga gramu 200 za korosho zilizokaangwa katika mfuko wa sentimita 15 kwa 20. Ndani ya mfuko, ukiacha korosho zenyewe, kuna nafasi ya hewa ya mililita 150. Korosho hizo zikishachukua mililita 20 za oksijeni, mafuta yake yanaanza kutoa harufu ya uzee na mteja anazikataa. Anataka zikae miezi sita dukani, yaani siku 180. Achague gesi gani na filamu gani?

Gesi ni rahisi: naitrojeni. Korosho iliyokaangwa ni kavu, bakteria hawana maji ya kuishi humo. Adui ni oksijeni inayoshambulia mafuta, na kazi ya naitrojeni ni kuiondoa hiyo oksijeni na kukaa mahali pake bila kuyeyuka ndani ya chakula. Ukijaza kabonidayoksaidi tupu utaiondoa oksijeni vilevile, ila gesi hiyo huyeyuka kwenye mafuta na mfuko unasinyaa hadi kubana punje. Kwa mfuko wa rejareja hilo ni kasoro, mteja ataona kama umevuja. Ajabu ni kwamba katika biashara ya kusafirisha korosho ghafi iliyobanguliwa, kusinyaa huko huko ndiko kulikotafutwa: madebe ya kilo 11.34 yalijazwa kabonidayoksaidi, ikayeyuka polepole kwenye mafuta ya korosho, punje zikabanwa zisigongane njiani, na wadudu wakakosa hewa. Mwanafunzi akiliandika hilo kwa sentensi mbili, msahihishaji ataona kwamba anajua gesi inafanya nini, hakukariri tu.

Sasa filamu. Karatasi ya vipimo inayokuja na roli huandika OTR, yaani mililita ngapi za oksijeni hupenya mita moja ya mraba kwa saa 24 pale tofauti ya kanieneo ya oksijeni kati ya pande mbili ni angahewa moja. Hapo ndipo alama nyingi hupotea, kwa sababu tatu zinazofuatana.

Ya kwanza, wengi huamini kwamba kwa kuwa kanieneo ndani ya mfuko ni sawa na nje, hakuna gesi inayoingia. Kila gesi hufuata tofauti yake yenyewe. Nje kuna oksijeni asilimia 21, ndani karibu hakuna, basi oksijeni itaingia hata kama mfuko umejaa na unaonekana umetulia. Naitrojeni nayo hutoka, lakini taratibu, maana nje tayari iko asilimia 78. Ya pili, kipimo cha OTR ni cha angahewa nzima ya oksijeni, na sisi tunaishi kwenye 0.21 tu. Asiyezidisha kwa 0.21 anapata oksijeni inayoingia kubwa karibu mara tano kuliko ilivyo. Ya tatu ni ndogo lakini inaudhi: mfuko una pande mbili. Sentimita 15 kwa 20 ni mita za mraba 0.03, na eneo linalopitisha oksijeni ni 0.06.

Kabla hujagusa filamu, hesabu oksijeni uliyoifungia mwenyewe. Ukiziba na hewa ya kawaida, mililita 150 mara 0.21 ni mililita 31.5. Kikomo ni 20. Maana yake korosho zimeshapewa oksijeni ya kutosha kuziharibu kabla hazijatoka kiwandani, na hata ukitumia debe la bati hazitafika. Ukijaza naitrojeni vizuri ikabaki oksijeni asilimia 2, hiyo ni mililita 3, na kikomo kinakuachia mililita 17 za kupenya kwa siku 180.

```
OTR ya juu = (20 - 3) / (180 x 0.06 x 0.21)
           = 17 / 2.268
           = 7.5 ml kwa m2 kwa siku kwa angahewa
```

Hapa tumechukulia oksijeni ndani ni sifuri muda wote. Si kweli kabisa, lakini kosa hilo linaegemea upande wa usalama, na ni vizuri uliandike kwenye karatasi yako.

Tujaribu filamu tatu ambazo msindikaji angezikuta kwetu. Poliethilini laini ya mikroni 50, ile LDPE ya mifuko ya kawaida inayong'aa, ina OTR ya karibu 4,000. Zidisha kwa 0.0126, yaani 0.06 mara 0.21, upate mililita 50 kwa siku. Nafasi yetu ya 17 inaisha ndani ya saa nane hivi. Faida ya naitrojeni uliyoilipia imepotea kabla ya usiku, na huyu ndiye mteja anayerudi dukani akilalamika kwamba gesi haifanyi kazi.

Ya pili ni PET ya mikroni 12 iliyobandikwa juu ya LDPE ile ile. PET peke yake tuseme ni 120. Matabaka hayajumlishwi moja kwa moja. Kinachojumlishwa ni ukinzani, yaani moja gawanya kwa OTR ya kila tabaka. Ukifanya hivyo unapata OTR ya jumla ya 116.5. LDPE imeongeza kitu kidogo mno kwa oksijeni. Haikuwekwa kwa ajili hiyo: iko pale ili mfuko uzibike kwa joto na unyevu uzuiwe. Mfuko huu unapitisha mililita 1.47 kwa siku, nao unakufikisha siku ya 11 au 12. Unaonekana mzuri, unapiga kelele ukiukunja, unachapika vizuri, na bado hautoshi.

Ya tatu ni PET iliyopakwa aluminiamu nyembamba, ile ya kung'aa kama fedha, juu ya LDPE. Tukichukua OTR ya 1.5, hesabu inatoa siku 900. Usiandike tu 900 ukapiga mstari chini. Sema filamu inatosha kwa miezi sita, kisha sema kwa nini siku 900 hazitafika: tabaka la aluminiamu huvunjika panapokunjwa, na mshono wa joto hauko kamili kama filamu iliyopimwa maabara. Kwa filamu nzuri namna hii, uhai wa korosho hauamuliwi tena na OTR. Unaamuliwa na mshono, na kile kiasi cha oksijeni kilichobaki siku ya kufunga. Oksijeni iliyobaki ikipanda kutoka asilimia 2 hadi 5, ni mililita 7.5, na OTR unayohitaji inashuka kutoka 7.5 hadi 5.5.

Mwanafunzi mmoja alituuliza mbona hatupendekezi EVOH, ambayo kwenye jedwali inashinda karibu kila plastiki. Tunayo, na ni nzuri kweli, ila jedwali lile mara nyingi limepimwa pakavu, kwenye nyuzi 23. EVOH inapenda maji. Unyevu ukizidi asilimia 80 inafyonza, inalegea, na oksijeni inapita mara nyingi zaidi. Ndiyo maana hufichwa katikati ya matabaka ya poliethilini au polipropilini yanayozuia maji. Ghala la Dar es Salaam au Mtwara wakati wa masika si maabara, na joto pekee huongeza upenyaji wa filamu yoyote. Swali likitaja mahali pa kuhifadhia, msahihishaji hakulitaja kwa urembo.

Usibebe jibu la korosho ukalipachika kwenye kila chakula. Mchicha na matunda bado vinapumua vikiwa ndani ya mfuko. Ukivifunga kwenye filamu ya kung'aa kama fedha vitamaliza oksijeni na kuanza kuchachuka, hivyo vinahitaji filamu inayopitisha gesi kwa kadiri ya upumuaji wao. Nyama nyekundu mbichi ya kwenye jokofu hupewa oksijeni nyingi, asilimia 70 hadi 80, ili rangi ikae, na iliyobaki ni kabonidayoksaidi ya kuwapunguza bakteria. Samaki ni habari ya tahadhari: kufukuza oksijeni huku ubaridi ukiwa hafifu kunawapa nafasi bakteria wa botulizimu, na kuna aina yao inayoota hata kwenye nyuzi 3.

Kwenye mafunzo ya vitendo swali huja hivi: pakiti inaharibika mapema, utajuaje kosa ni la filamu au la mshono? Dukani tunachoma pakiti kwa sindano ya kipima oksijeni siku ya kufunga, kisha tunachoma nyingine ya kundi lile lile baada ya siku tatu. Tuseme imetoka asilimia 2 ikafika 8. Kwenye nafasi ya mililita 150, hiyo ni mililita 9 kwa siku tatu. Filamu yenye OTR ya 7.5 ingeingiza mililita 0.28 tu. Basi hapo usiilaumu filamu, tafuta tundu. Zamisha pakiti nzima kwenye ndoo ya maji, ikamue polepole, na tazama pembe za mshono, maana unga wa chumvi ya korosho hupenda kukaa hapo na kuzuia plastiki isishikane. Kama imepanda kidogo tu, kutoka 2 hadi 3, na pakiti haitoi povu, pima tena kesho yake: hewa iliyojificha ndani ya punje na katikati yake hutoka taratibu baada ya kuziba, ndipo kipimo hutulia.

Jumamosi asubuhi tunawafungulia wanafunzi meza yenye vipande vya filamu hizi tatu, kipima oksijeni na mzani. Njoo na kikokotoo na swali moja lililokushinda, na ukiweza, pakiti ya dukani ya chakula unachokisomea, tuichome.