Kwa nini risiti ya sukari ya mtoto ina ketoni pia

Lalamiko hili haliishi kwenye kituo chetu hapa Kirumba: "Nimeleta mtoto apimwe sukari tu, hii ketoni imetoka wapi?" Wengine wanaondoka wakinung'unika kwamba tumewapiga. Acha tueleze, maana namba ya sukari peke yake inasema imeshuka, haisemi kwa nini.

Chukua mtoto wa miaka mitatu, kilo 12. Jana alikuwa na homa na kutapika, saa moja jioni akakataa ugali akalala. Saa mbili asubuhi mama anamwamsha, amelegea, macho yanazunguka. Ni saa kumi na tatu bila chakula. Kipimo cha malaria hakioneshi vimelea. Sukari 2.3 (kwa mashine za miligramu ni kama 41), ketoni 4.1.

Ketoni hizo zinaeleza kilichotokea. Akiba ya sukari ya ini iliisha usiku, mwili ukaanza kuyeyusha mafuta, na ini likayageuza kuwa ketoni ili ubongo upate cha kutumia. Mtoto mdogo ana ubongo mkubwa na misuli michache, kwa hiyo akiba yake huisha mapema. Hali hii huwapata zaidi watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na mitano, na wengi huiacha kabla ya miaka tisa. Si kisukari, ingawa wapo wanaoliogopa neno ketoni wakadhani ni hicho. Kwenye kisukari sukari inakuwa juu.

Sasa mtoto mwingine, wa miezi tisa. Alikunywa uji saa nne tu zilizopita, naye sukari ni 2.1, lakini ketoni ni 0.2. Huyu ndiye anayetutia wasiwasi. Insulini ikizidi mwilini huisukuma sukari iingie kwenye seli, na wakati huohuo huzuia mafuta yasiyeyuke. Ubongo unakosa sukari, unakosa na ketoni. Ndiyo maana insulini iliyozidi huweza kuacha madhara ya kudumu, na uji wa kabla ya kulala hauitibu. Ketoni kidogo hazithibitishi peke yake, kwani zipo kasoro za kuzaliwa ambapo mwili unashindwa kuchoma mafuta. Lakini mtoto huyu anapewa sukari na kwenda hospitali ya Bugando siku hiyohiyo, na bomba la damu yake.

Bomba hilo ndilo ghali. Insulini inapimwa kwenye damu iliyotolewa sukari ikiwa bado chini. Wakati huo inatakiwa iwe karibu haionekani. Ikionekana, imezidi. Mtoto akishapewa sukari insulini hupanda kwa kila mtu, na jibu halina maana tena. Tena damu ikivutwa kwa nguvu chembe zikapasuka, insulini huharibika na jibu linadanganya kuwa ni ndogo. Kwa hiyo tunatoa taratibu, tunaizungusha mapema kwenye mashine na kuihifadhi kwenye baridi. Kazi yote ni dakika mbili, kisha glukosi inaingia palepale. Kama mshipa unasumbua, hatusubiri: tone la kidole kwanza, halafu sukari.

Njia ya mkato inayowagharimu wazazi ni hii: soda kwenye bodaboda, mtoto anachangamka, anafika kwetu na sukari 6.8. Tunasoma kawaida, mzazi analipa, wiki tatu baadaye anarudi kulipa upya. Usituelewe vibaya. Mtoto aliyelegea na anayeweza kumeza apewe soda au maji ya sukari papo hapo. Asiyeweza kumeza, kijiko kidogo cha sukari kilicholoweshwa matone ya maji, chini ya ulimi, mkiwa njiani kuja. Sukari haisubiri risiti yetu.

Ila kinga mkojo wake wa kwanza baada ya hapo kwenye kikopo kisafi. Sukari ya damu hurudi haraka, lakini ketoni hubaki kwenye mkojo kwa saa kadhaa. Kijiti cha mkojo ni cha bei ndogo kuliko cha damu, kikigeuka zambarau tunajua mwili uliyeyusha mafuta. Kisipogeuka, tunataka damu siku atakaposhuka tena. Na osha kidole chake kwanza: chembe ya embe au sukari kwenye ngozi inaipandisha namba, na mtoto aliyeshuka akaonekana mzima.

Kwa aliyethibitika kuwa wa ketoni, nunua vijiti vya mkojo vyako. Siku ya homa pima asubuhi kabla ya kifungua kinywa. Rangi huja mapema kuliko kulegea. Ikija, mpe uji wenye sukari, kisha kidogo kidogo kila saa tatu au nne, hata usiku. Akitapika kila anachopewa, usiendelee kubembeleza nyumbani, atahitaji dripu.