Mwanangu, usivute nywele za mbele

Mwanangu mpenzi,

Salaam kutoka nyumbani. Picha uliyonitumia nimeiangalia mara tatu. Unataka kusuka twende kilioni, nywele zote zirudi nyuma, halafu zifungwe juu kama dada wa kwenye picha. Mtindo ni mzuri. Lakini huyo dada hana miwani, na paji lake ni jembamba.

Kwanza tuelewane kuhusu paji lako. Wewe huna komwe, hao wanaokutania waache. Komwe ni paji lililotokeza mbele. Lako limetanda tu, kutoka panja hadi panja, kama la marehemu bibi yako. Kwa hiyo cha kufunika si katikati. Ni zile pembe mbili za juu, pale nywele zinapoanzia kukata kona kushuka masikioni. Ukizifunika hizo kidogo, uso unapungua upana hata kama katikati ni peupe.

Twende kilioni inafanya kinyume chake. Inaanika pembe zote mbili, na kile kifundo cha juu kinalipandisha jicho la mtazamaji. Halafu unaweka fremu nyeusi nene chini yake, paji linabaki kama uwanja uliozungushiwa ukuta upande mmoja.

Mimi ningekusuka rasta, na njia isiwe katikati. Shika kioo, vaa miwani, tafuta pale nyusi yako ya kushoto inapopinda. Njia ianzie juu yake, ielekee utosini. Rasta nyingi zitaangukia kulia na kufunika pembe ile. Kushoto ziachwe mbili tatu zishuke zenyewe. Hizo za mbele ziishie usawa wa kidevu au chini yake. Msusi akikwambia azikate ziwe panki ya kufika kwenye nyusi, mkatalie. Rasta fupi hailali, inasimama kama mswaki, na ikilala inagusa kioo cha miwani na kukipaka mafuta kutwa nzima.

Sasa masikio. Hapa ndipo wasusi wengi wanakosea, na mimi mwenyewe nilikosea kwa mteja mmoja miaka ile naanza kazi. Nilimsukia rasta nene kichwa kizima, akaondoka anacheka. Siku ya nne akarudi na miwani imekaa puani kama ya babu anayesoma gazeti. Rasta za juu ya masikio zilikuwa zinaisukuma mikono ya fremu nje, kwa hiyo haikushika tena. Alikuwa anaipandisha kila dakika, na alama nyekundu zimemtoka nyuma ya sikio. Nilifumua safu mbili kila upande nikasuka upya nyembamba, kama unene wa njiti ya kiberiti. Basi, miwani ikatulia. Hata hivyo ilibidi aende kwa fundi wa miwani akaikaze, maana mikono ilikuwa imeshatanuka.

Kwa hiyo mwambie msusi wako mapema: kuanzia panja hadi nyuma ya sikio rasta ziwe nyembamba, unene auweke nyuma na utosini. Kabla hajachovya ncha kwenye maji ya moto, vaa miwani, inama, tikisa kichwa. Ikiteleza, afumue wakati huo huo. Ukimaliza kujaribu, ivue uiweke mbali, kwa sababu moto na mvuke vinaharibu ule utando wa juu ya kioo.

La mwisho ndilo linalonikosesha raha. Nywele za mbele zikivutwa miezi na miezi, zinakatika na panja linarudi nyuma. Mwenye paji pana anasuka kwa kubana ili aonekane nadhifu, paji linapanuka, naye anazidi kubana. Nimewaona wengi. Msusi akimaliza, pandisha nyusi. Ngozi ikiuma au ikigoma kupanda, amebana. Kesho yake ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye mizizi ya mbele, usisubiri wiki, fumua hizo safu. Ikigunduliwa mapema nywele zinarudi. Ukikaa mpaka ngozi ya panja ikawa laini na inang'aa, mara nyingi hazioti tena. Rasta zenyewe usizidishe wiki sita, na ukishafumua pumzisha kichwa wiki mbili, fanya mabutu tu.

Fremu usibadilishe, hata kama wenzako wanavaa zile za duara zisizo na ukingo. Hiyo yako yenye mstari mzito juu inakufaa, inalikata paji. Kitakachokuharibia ni kile kifundo cha juu.

Nimemtuma binamu yako na pesa ya rasta, pakiti nne zinatosha. Ukishasuka nitumie picha ukiwa umevaa miwani, moja ya mbele na moja ya ubavuni sikio lionekane.

Mama yako