Mwache shangazi yako asimulie

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu, tena kwa ukali, kwa nini tulimwacha shangazi yako akae jamvini siku tatu akisimulia kifo cha mumewe kwa kila aliyeingia, badala ya kumwacha alale. Nakujibu kwa barua ili uisome taratibu ukitoka kazini huko Maskati.

Hapa Tanga mfiwa hapewi kazi. Majirani wanapika, kwa sababu Mtume alipofikiwa na habari ya kifo cha Jaafar aliagiza jamaa zake watengenezewe chakula, kwani limewafika la kuwashughulisha. Pesa za ubani zina mtu wake na daftari lake. Hata kuoga shangazi yako alikuwa anakumbushwa. Alichoachiwa ni swali moja tu la kila mgeni: "Ilikuwaje?"

Siku ya kwanza nilikaa ubavuni pake. Alianzia kwenye bajaji ya kwenda hospitali, akarukia makubadhi ya marehemu yaliyobaki barazani, akakwama hapo. Alipokuja mgeni mwingine akakwama palepale. Siku ya pili wifi yake akamkumbusha kuwa homa ilianza Jumatano, na kuanzia hapo maneno yakaanza kufuatana.

Ila hakuwa na mwisho. Wanawake wetu hawaendi makaburini, kwa hiyo kwake yeye mumewe alitoka mlangoni kwenye jeneza, basi. Baba yako ndiye aliyemkalisha akamweleza nani walishuka kaburini, walivyomlaza mwanandani kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na nani alisoma talakini. Siku ya tatu, baada ya hitma, nilimsikia akimsimulia mgeni kutoka Pangani tangu homa hadi udongo wa mwisho. Alilia sana, lakini alifika mwisho.

Mwanangu, kulala asingelala hata tungemfungia chumbani. Lile jambo lilikuwa kichwani mwake vipande vipande, na kila alipolitamka mbele ya mtu anayelia naye, lilijipanga na akazidi kuamini kwamba limetokea.

Hatumfanyii hivi kila mtu. Mama aliyefiwa na kichanga, au mtu aliyemkuta jamaa yake amejiua, tunakaa naye tu. Akitaka kusema atasema, kumchokonoa ni kumuumiza. Na mfiwa akifika arobaini bado hapati usingizi wala hali chakula, au siku yoyote akisema anataka kumfuata marehemu, huyo tunampeleka kwa daktari, hatumwambii asubiri.

Sasa tanga limeshaanuliwa na watu wametawanyika. Shangazi yako yumo edani, miezi minne na siku kumi, na hakuna tena anayemuuliza. Wewe hukuwepo, kwa hiyo wewe unaweza kumuuliza bila kuonekana unamrudisha nyuma. Mswalie marehemu ghaibu kwanza, kisha mpigie shangazi baada ya Isha, watoto wakishalala. Usianze na "pole, kazi ya Mungu". Muulize ilikuwaje. Akinyamaza katikati, ngoja.

Pesa yako ya hitma ilifika, baba yako ameiandika daftarini.

Mama yako